Ripoti ya uendelevu ya kiwanda cha chai Mufindi: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Maswali haya tumeyakusanya kwa wahasibu, mameneja wa viwanda na viongozi wa vyama vya wakulima wa Nyanda za Juu Kusini. Wengi wao wameambiwa na benki au mnunuzi wa nje walete "ripoti ya uendelevu", nao hawajui waanze na karatasi gani.

Hesabu ya pande tatu ni nini hasa?

Ndiyo njia tunayoitumia humu kuandaa ripoti ya uendelevu: kupima kampuni kwa uchumi, jamii na mazingira, badala ya kuishia kwenye mstari wa faida peke yake. Wazo hilo lilipewa jina mwaka 1994 na Mwingereza John Elkington. Mwaka 2018 mwenyewe aliandika kwamba analiita lirudi kukaguliwa, kama watengenezaji wa magari wanavyoyaita magari yenye hitilafu. Malalamiko yake yalikuwa kwamba wahasibu wamelifanya mizani ya kubadilishana: huku umeharibu, huku umechangia madawati, basi ngoma droo. Ukiona ripoti ya namna hiyo, ujue aliyeiandaa hakutenganisha pande tatu. Amezichanganya kwenye sufuria moja.

Kiwanda mnachokitumia kama mfano ni kipi?

Ni kiwanda cha kufikirika, ila hakina kitu ambacho mtu wa Mufindi atakishangaa. Kiko kwenye kilima chenye ukungu, kina mashamba yake ya chai na kinanunua majani kwa wakulima wadogo 900. Kwa mwaka kinapokea kilo milioni 9 za majani mabichi, nusu zikiwa za wakulima hao, na kutoa tani 2,000 za chai kavu, maana kilo moja ya chai kavu inakula kilo nne na nusu hivi za majani. Joto la kunyaushia na kukaushia linatoka kwenye boila inayochoma kuni. Umeme ni wa gridi, na ukikatika inawashwa jenereta ya dizeli. Wafanyakazi ni 620, na juu yao wapo wachumaji wanaoletwa na wakala wakati majani yamefurika.

Takwimu zote za kiwanda humu ni za mfano. Zikague kwa kalamu, maana zimepangwa zikubaliane.

Upande wa uchumi si ndiyo zile hesabu za mwaka zilizokaguliwa?

Zinatoka humo, lakini swali linageuka. Hesabu za mwaka zinamuuliza mwenye hisa amebakiwa na nini. Upande wa uchumi kwenye ripoti ya uendelevu unauliza fedha iliyoingia ilikwenda kwa nani. Kiwango cha GRI 201, kimoja kati ya viwango vya kimataifa vya ripoti za uendelevu, kinataka jedwali la thamani iliyozalishwa na ilivyogawanywa, na kwa kiwanda chetu linasomeka hivi.

Mauzo ni shilingi milioni 6,800. Wakulima wa majani walilipwa milioni 1,575. Kuni, umeme, mbolea, usafiri na manunuzi mengine vilichukua milioni 1,925. Mishahara na michango ya hifadhi ya jamii ilikuwa milioni 1,900, riba ya benki 420, kodi na ushuru 360, na michango kwa vijiji 40. Jumla iliyotoka ni milioni 6,220, zikabaki 580.

Hapo ndipo wengi wanateleza. Hiyo 580 si faida. Uchakavu wa mitambo haujatolewa, kwa sababu uchakavu haulipwi kwa mtu yeyote. Kwenye vitabu vya kiwanda hiki uchakavu ni milioni 330, kwa hiyo faida baada ya kodi ni 250. Ukiandika 580 ukaiita faida, mkaguzi atakukamata ukurasa wa kwanza. Na ukiandika 250 kwenye jedwali la mgawanyo, jedwali halitafunga.

Mishahara inaingia upande wa uchumi au wa jamii?

Kiasi kinaingia uchumi. Hali ya mlipwaji inaingia jamii. Milioni 1,900 zinaonekana mara moja tu, kwenye jedwali la hapo juu. Nimeona ripoti iliyoziweka tena upande wa jamii kwa maneno "tuliwekeza bilioni 1.9 kwa watu wetu", kana kwamba kuna mtu alivuna chai bure na kiwanda kikamhurumia.

Upande wa jamii unataka mambo mengine: nani analipwa chini ya wenzake kwa kazi ileile, wangapi wana mikataba ya kudumu, michango ya NSSF inapelekwa kwa wakati au inarundikana. Hata wastani uuogope. Milioni 1,900 ukizigawa kwa watu 620 na miezi 12 unapata kama shilingi 255,000 kwa mwezi, lakini humo kuna meneja mkuu na wahandisi. Wapange watu wote kwa mstari kuanzia wa chini, usome mshahara wa aliyesimama katikati. Kwenye kiwanda chetu ni 190,000. Hiyo ndiyo namba ya kuandika, na wastani ukae pembeni yake.

Tunawalipa wakulima kwa kuchelewa. Hilo ni la upande gani?

Swali hili ndilo linaloonyesha kwa nini pande zitenganishwe, kwa hiyo tukae nalo kidogo.

Mkataba wa kiwanda chetu unasema mkulima alipwe ndani ya siku 30 baada ya kupima. Jedwali la uchumi linaonyesha milioni 1,575 zimelipwa, na ni kweli, zililipwa zote. Lakini ukichukua stakabadhi za kituo cha kukusanyia majani ukazilinganisha na tarehe za benki, unakuta wastani ni siku 74. Mkulima amekaa siku 44 zaidi akisubiri hela yake. Katika siku hizo ada ya shule inadaiwa, na mbolea inachukuliwa kwa mkopo dukani.

Sasa piga hesabu. Milioni 1,575 kwa siku 365 ni kama milioni 4.3 kila siku. Kwa siku 44, kiwanda kinatembea na takriban milioni 190 za wakulima mfukoni muda wote. Kama kingezikopa benki kwa riba ya asilimia 16, kingelipa milioni 30 hivi kwa mwaka. Hakikulipa. Zile milioni 250 za faida zina milioni 30 zilizotoka kwenye subira ya watu 900.

Upande wa uchumi peke yake unakisifu kiwanda kwa kubana gharama za riba. Upande wa jamii ukiandikwa peke yake unasema "wakulima wanalalamika", na malalamiko bila namba hayamkoseshi mkurugenzi usingizi. Ukiviweka vyote viwili, kila kimoja mahali pake na kipimo chake, msomaji anaona uzi unaoviunganisha. Kwa hiyo kwenye uchumi andika malipo ya wakulima na deni lao lililobaki mwisho wa mwaka. Kwenye jamii andika siku za kusubiri: wastani, na pia aliyesubiri kuliko wote. Halafu andika sentensi moja inayomtoa msomaji jedwali moja na kumpeleka la pili.

Na makato ya maji kwenye mzani?

Mvua ikinyesha majani yanafika kituoni yameloa, na karani anakata kilo kadhaa kwa kila gunia. Kukata si dhambi, kwa sababu maji si chai. Tatizo ni makato ya kukadiria kwa jicho. Omba daftari la kituo usome safu ya makato ya mwezi mzima. Ukikuta kila gunia limekatwa kilo 2, asubuhi yenye mvua na mchana wenye jua, ujue karani hapimi maji. Anafuata mazoea. Zidisha kilo hizo kwa bei, uandike jumla upande wa jamii kama kiasi kinachobishaniwa. Usiipunguze kimyakimya kwenye manunuzi ya majani.

Kuni tunazipunguza kila mwaka. Kwa nini mkaguzi anatubishia?

Huenda mnapunguza kuni kwa tani ya chai, wakati kuni zenyewe zinaongezeka.

Mwaka wa kwanza kiwanda chetu kilichoma meta za ujazo 6,000 za kuni zilizopangwa kwa tani 2,000 za chai. Hizo ni meta 3.0 kwa tani. Mwaka wa pili kilitengeneza tani 2,300 kwa meta 6,440, yaani 2.8 kwa tani. Ripoti ikatangaza kwamba matumizi ya kuni yameshuka kwa asilimia 7. Wakati huohuo kuni zilizoingia tanurini ziliongezeka kwa asilimia 7. Namba zote mbili ni za kweli. Ya kwanza inamhusu fundi wa boila, kwamba anafanya kazi vizuri zaidi. Ya pili inauhusu msitu, na msitu haujui mmetengeneza tani ngapi. Zote mbili ziandikwe, kwenye mstari mmoja kama inawezekana.

Kisha tazama kipimo chenyewe. Kuni zilizokatwa jana, karibu nusu ya uzito wake ni maji. Kilo moja ya kuni hizo inatoa kama asilimia 60 tu ya joto la kilo iliyokauka hadi robo ya uzito wake ni maji. Kiwanda kikipima kwa tani mwaka huu na kwa meta za ujazo mwaka kesho, au kikianza kuzianika chini ya banda miezi mitatu, namba zinaruka bila mti hata mmoja kuongezeka au kupungua. Chagua kipimo kimoja, kiandike kwenye ripoti, na taja unyevu. Kipima unyevu cha kuchomeka kwenye mti hakina gharama kubwa. Pasua gogo kwanza, upime katikati, maana ganda la nje linadanganya.

Swali kubwa zaidi ni kuni zinatoka wapi. Meta 6,440 zilizopangwa zina nafasi za hewa katikati ya magogo. Mti wenyewe ni kama 0.62 ya hapo, yaani meta 4,000. Tukikadiria mikaratusi ya kiwanda inakua meta 25 kwa hekta kwa mwaka, zinahitajika hekta 160 ili kuvuna bila kula mtaji. Kiwanda kina hekta 110. Hekta 50 zinazopungua zinafidiwa ama kwa kununua kwa wanavijiji, ama kwa kukata miti ambayo bado haijafikia umri. Njia ya pili inapendeza mno kwenye hesabu za fedha: mwaka huo gharama ya kuni inashuka, faida inapanda, na shamba la miti linaliwa polepole bila kuandikwa popote. Upande wa mazingira ndio pekee utakaoonyesha, kama umeandika hekta zilizovunwa na hekta zilizopandwa. Hesabu hekta, si miche. Miche 100,000 iliyogawiwa siku ya kupanda miti yenye kamera haitoi joto lolote, na wengi wetu tumepita baada ya kiangazi kimoja kuangalia ilivyobaki.

Moshi wa boila tunauandikaje?

Kaboni inayotokana na kuchoma miti inaandikwa peke yake, nje ya jumla ya gesijoto za moja kwa moja. Hiyo ndiyo kanuni ya GRI 305 na ya Itifaki ya Gesijoto. Methani na oksidi ya naitrojeni kutoka kuni hizohizo zinabaki ndani ya jumla. Usisome kanuni hiyo kama ruhusa ya kuandika sifuri.

Dizeli ni rahisi: lita moja inatoa kama kilo 2.7 za kaboni dioksidi. Jenereta yetu ilikunywa lita 40,000, kwa hiyo ni tani 108. Lita zichukuliwe kwenye kitabu cha stoo, siyo kwenye ankara za manunuzi. Ankara haijui kilichobaki kwenye tangi, wala kilichoingia kwenye pikipiki ya mtu.

Ripoti yetu inaonyesha ajali 9 tu. Si vizuri?

Inategemea umemhesabu nani. Kipimo cha kawaida ni ajali zilizoandikwa, mara saa 1,000,000, gawa kwa saa zilizofanyiwa kazi. Wafanyakazi wa kiwanda walifanya saa 1,200,000 na kuumia mara 9, hivyo kiwango ni 7.5.

Lakini wachumaji wa wakala hawakuhesabiwa, kwa maelezo kwamba "si wa kwetu". GRI 403 inawataka, kwa sababu kiwanda ndicho kinachoamua waingie shamba gani na saa ngapi. Ukiwachukua, wana saa 400,000 na ajali 11. Kiwango chao ni 27.5. Kwa pamoja ni ajali 20 kwa saa 1,600,000, yaani 12.5. Andika namba zote tatu. Ile 27.5 ya wachumaji ndiyo yenye habari, maana inaonyesha hatari ilikokodishiwa.

Ili kujua kama hizo 20 nazo ni kamili, weka mezani daftari la zahanati ya kiwanda, madai yaliyopelekwa WCF, mfuko wa fidia kwa wafanyakazi, na karatasi za mahudhurio. Kama mtu ameshonwa kidole siku ya Jumanne na mahudhurio yanaonyesha alikuwa kazini Jumatano na Alhamisi akiwa "kazi nyepesi", muulize msimamizi wake hiyo kazi nyepesi ilikuwa ipi. Mara nyingi alikaa kwenye benchi getini ili siku zilizopotea zibaki sifuri. Na kama bonasi ya msimamizi inahesabiwa kwa sifuri hiyo, usitegemee daftari lake pekee.

Tumejenga darasa na kutoa madawati. Yanaingia wapi?

Milioni 40 tayari ziko kwenye uchumi. Kwenye jamii andika kilichotokea: darasa linatumika? Lina mwalimu? Ombi lilitoka kwenye mkutano wa kijiji au kwa diwani? Mistari mitatu inatosha. Picha ya mkurugenzi akikata utepe si kipimo cha kitu chochote.

Maji je?

Kiwanda cha chai hakinywi maji kama mtambo wa kumenya kahawa kule Mbozi, kwa hiyo usijaze kurasa. Andika kiasi kilichochotwa, ulinganishe na kibali cha bodi ya maji ya bonde, na taja maji ya kuoshea mashine yanaishia wapi. Kama mfereji unaingia kwenye kijito cha kijiji, pima kabla na baada ya mahali unapoingilia. Kipimo kimoja kilichochukuliwa chini ya mfereji hakisemi maji yalikuwaje kabla ya kukufikia.

Kwa nini tusitoe alama moja ya jumla, tuseme 78 kwa 100?

Kwa sababu utalazimika kuamua kidole kimoja kilichokatika ni sawa na meta ngapi za kuni. Uamuzi huo utafichwa kwenye "uzito" wa fomula, na atakayeuchagua ni yuleyule anayepimwa. Shilingi zibaki shilingi, meta zibaki meta, watu wabaki watu. Benki ikidai alama, ipe majedwali matatu ijitengenezee yenyewe.

Tunalazimika kufuata GRI? Na hivi viwango vipya vya IFRS?

GRI ni ya hiari, isipokuwa mnunuzi au mkopeshaji ameiweka kwenye mkataba. Inauliza kampuni inawafanyia nini watu na mazingira. IFRS S1 na S2, viwango vya kimataifa vya taarifa za uendelevu kwa wawekezaji vilivyotolewa Juni 2023, vinauliza kinyume chake: mazingira na jamii vinaweza kuifanya nini kampuni kifedha. Ukame unaopunguza majani unaingia huko moja kwa moja. Siku 44 za mkulima zitaingia endapo zinatishia kiwanda, kwa mfano wakulima wakianza kupeleka majani kwa jirani. Soma kwanza barua ya aliyekuomba ripoti. Nimeona watu wakihangaika miezi na kiwango ambacho hakuna aliyekiulizia.

Na vibali vya NEMC na ukaguzi wa OSHA haviondolewi na ripoti yoyote. Hizo ni sheria, ya mazingira ya 2004 na ya usalama mahali pa kazi ya 2003.

Tuna wiki mbili tu. Tuanze na nini?

Acha kompyuta kwanza. Chukua madaftari manne: la mizani ya kituo cha majani, la kuni getini, la dizeli stoo na la zahanati. Chagua mwezi mmoja wa majani mengi, tuseme Machi, na mwingine wa baridi, Julai. Soma kila ukurasa wa miezi hiyo miwili ukiwa na aliyeuandika ameketi pembeni yako. Pale mwandiko unapokuwa mmoja, wino mmoja na namba zinazofanana kwa siku 20 mfululizo, muulize iliandikwa lini. Akisema iliandikwa yote mwisho wa mwezi, usiitumie. Andika kwenye ripoti kwamba takwimu za mwezi huo hazikupatikana, na muonyeshe namna ya kuandika kuanzia lori la kuni litakaloingia kesho asubuhi.